Asilimia Tano na Safari ya Kurudi Nyumbani: Pengo la Usafiri katika Sheria ya Kazi za Usiku Tanzania Bara

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inauhesabu usiku kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi. Kwa kila saa ya kazi ndani ya muda huo, kifungu cha 20 kinamtaka mwajiri amwongezee mfanyakazi angalau asilimia 5 ya mshahara wake wa msingi. Namna mfanyakazi huyo atakavyofika nyumbani haikutajwa. Ukimya huo, kwa maoni yangu, unadhoofisha hata masharti ambayo sheria imeyatamka vizuri, hasa yale ya mapumziko.

Tumchukulie mhudumu wa hoteli jijini Dar es Salaam anayelipwa shilingi 390,000 kwa mwezi kwa saa 45 za wiki. Jedwali la sheria hugawa mshahara wa mwezi kwa 4.333, kisha kwa saa za wiki, nasi tunapata takribani shilingi 2,000 kwa saa. Posho ya usiku basi ni shilingi 100 kwa saa. Akiingia saa 8 mchana na kutoka saa 5 usiku, amefanya kazi saa tatu tu za usiku na amejipatia shilingi 300. Daladala za kwenda kwake zimeshapungua au zimekwisha, na hakuna bodaboda atakayempeleka pembezoni mwa jiji kwa fedha hiyo.

Mlinzi mwenye mshahara kama huo anayelinda kuanzia saa 12 jioni hadi saa 12 asubuhi hupata shilingi 1,000, kwa kuwa saa zake kumi ni za usiku. Yeye anatoka magari yameshaanza kazi. Kwa hiyo posho inayopimwa kwa wingi wa saa humpa kidogo zaidi yule anayetoka katika saa mbaya zaidi. Kuipandisha hadi asilimia 10 au 20 hakuondoi kasoro hiyo. Mhudumu wetu angepata shilingi 600 au 1,200, naye angebaki palepale kituoni.

Pengo hili linakula pia mapumziko. Kifungu cha 24 kinadai saa 12 mfululizo kati ya kumaliza kazi na kuianza tena. Mhudumu aliyetoka saa 5 usiku akiitwa saa 1 asubuhi kwa sababu mwenzake anaumwa, amebakiwa na saa 8. Sheria huruhusu kushuka hadi hapo kwa makubaliano ya maandishi, lakini kwa anayeishi kazini au ambaye zamu yake hukatwa katikati kwa angalau saa tatu. Mhudumu huyu hayumo. Hata zile saa 12 kamili huhesabiwa tangu kazi inapoisha: saa mbili za kusubiri gari na saa moja ya njia zinatoka kwenye usingizi wake.

Kwa mlinzi hali ni ngumu zaidi. Kutoka saa 12 hadi saa 12 kunaacha saa 12 barabara, na anayempokea akichelewa dakika chache tu, sheria imevunjwa. Siku sita za namna hiyo ni saa 72. Tumpe mapumziko ya kweli ya saa moja kila usiku, ingawa aliye peke yake getini hula akiwa lindoni na saa hiyo inapaswa kulipwa. Zinabaki 66, yaani 21 za ziada kwa wiki. Katika wiki nne ni 84, wakati ukomo ni 50. Makubaliano ya kufanya kazi saa 12 kwa siku nayo hayamwokoi mwajiri, kwani mwisho wake ni siku tano kwa wiki. Mkaguzi wa kazi asidanganywe na daftari ambalo mwezi mzima kila mtu ameingia na kutoka saa 12 kamili. Daftari la aina hiyo kwa kawaida limejazwa kwa mkupuo.

Afrika Kusini ilichagua njia nyingine. Sheria yake ya masharti ya msingi ya ajira ya mwaka 1997 hairuhusu kazi ya usiku, inayoanzia kwao saa 12 jioni, bila fidia ya posho au kupunguziwa saa, na bila kuwepo usafiri kati ya makazi na kazini zamu inapoanza na inapoisha. Haisemi lazima mwajiri anunue gari. Inamlazimu tu, kabla ya kupanga zamu, ajiulize kama kuna njia ya kurudi.

Waajiri wadogo watalalamikia gharama, na lalamiko hilo si la kupuuzwa. Hata hivyo mgahawa unaweza kuwatoa wahudumu saa 3 usiku, au kuchangia basi dogo na majirani zake. Kwa hiyo kifungu cha 20 kiongezwe sharti moja: zamu inayoanza au kuisha kati ya saa 4 usiku na saa 11 alfajiri isipangwe pasipo usafiri wa uhakika, na gharama yake isikatwe kwenye posho ya usiku.