Mdomo wa Atomu

Tarehe 1 Januari 1963, televisheni ya Fuji nchini Japani ilianza kurusha Tetsuwan Atomu, katuni ya mtoto roboti iliyobuniwa na mchoraji Osamu Tezuka. Kila wiki studio yake, Mushi, ilidaiwa kipindi cha nusu saa. Naandika tasnifu ya uzamili kuhusu katuni za televisheni, na kwa Mushi mimi huanza na hesabu.

Filamu hupita fremu 24 kwa sekunde. Katika katuni za sinema, aghalabu mchoro mmoja ulipigwa picha mara mbili, hivyo sekunde moja ilikula michoro 12. Ukitoa matangazo, kipindi kinabaki na kama dakika 25, yaani michoro 18,000. Mushi walishikilia mchoro kwa fremu tatu, na wasimulizi wengi huishia hapo. Lakini hesabu inakataa. Hata hivyo ingebaki michoro 12,000, ilhali kipindi cha Atomu kilitengenezwa kwa takriban michoro 2,000. Akiba kubwa ilitoka kwingine.

Chukua Atomu akizungumza kwa sekunde tano, yaani fremu 120. Mwili na kichwa vinachorwa mara moja tu kwenye plastiki angavu. Mdomo unakaa kwenye plastiki ya pili iliyowekwa juu, kwa michoro mitatu: umefumba, uko nusu wazi, umefunguka. Ukiubadilisha kila fremu tatu unapata mabadiliko 40 kutokana na michoro minne. Mtazamaji anafuata sauti, na macho yake yanabaki mdomoni. Sauti ikinyamaza, Atomu anageuka sanamu, kwa hiyo lazima uhamie picha nyingine au usogeze kamera.

Kuna mtego mwingine. Plastiki ile si angavu kabisa, na kila tabaka hufifisha kidogo kilicho chini yake. Ukiondoa tabaka la mdomo katikati ya picha, uso mzima unabadilika rangi ghafla. Dawa yake ni kuweka plastiki tupu mahali pake.

Michoro iliyokwisha kutumika, kama Atomu akiruka angani, ilihifadhiwa katika kile walichokiita benki, ikarudi wiki nyingine juu ya mandhari tofauti. Ila mchoro haurudi kama ukubwa au pembe ya kamera haifanani. Anayepanga picha za kipindi lazima ajue benki ina nini kabla hajaamua Atomu aruke vipi. Kwangu, hapo ndipo mtindo ulipozaliwa: mezani kwa mpangaji, kabla kalamu ya mchoraji haijagusa karatasi.

Vipindi 193 vilikamilika, cha mwisho kikarushwa tarehe 31 Desemba 1966. Bei ambayo Tezuka aliviuzia haikutosha hata gharama, na hilo benki ya michoro haikuweza kulitibu. Mushi ilifilisika mwaka 1973.