PDF iliyoskaniwa na utambuzi wa herufi

Utambuzi wa herufi (kwa kifupi OCR) ni kazi ya programu ya kompyuta inayosoma picha ya maandishi na kuigeuza kuwa herufi halisi ambazo kompyuta inaweza kuzitafuta, kuzinakili na kuzisoma kwa sauti. Hutumiwa sana kwa faili za PDF zilizotokana na skana, kwa kuwa faili hizo huonekana kama maandishi ingawa ndani yake hamna hata herufi moja.

## Kwa nini faili haitafutiki

Muundo wa PDF ulitolewa na kampuni ya Adobe mwaka 1993, na tangu 2008 ni kiwango cha kimataifa chenye namba ISO 32000. Ukurasa wa PDF unaweza kubeba vitu vya aina mbalimbali, na viwili kati yake ndivyo vinavyohusika hapa: maandishi na picha.

Mtu akiandika barua kwa kompyuta na kuihifadhi kama PDF, kila herufi huwekwa kwa namba yake. Herufi S ni namba 83, herufi a ni namba 97, na kadhalika. Faili hueleza pia fonti na mahali pa kuweka herufi hizo kwenye ukurasa. Msomaji akibonyeza Ctrl+F na kuandika neno, programu hulinganisha namba za neno hilo na namba zilizomo katika faili.

Skana haifanyi hivyo. Inapiga picha. Ukurasa wa A4 ukiskaniwa kwa nukta 300 kwa inchi hutoa picha yenye pikseli 2480 kwa upana na 3508 kwa urefu, yaani takriban pikseli milioni 8.7. Kila pikseli husema tu ni nyeusi, nyeupe au kijivu kiasi gani. Jicho la mtu huona neno "mkutano", lakini kompyuta ina madoa tu. Utafutaji ukirudi mtupu, si kwamba neno halimo kwenye ukurasa, bali hakuna namba za kulinganisha. Kwa sababu hiyohiyo mwanafunzi asiyeona, anayetegemea programu ya kusoma kwa sauti, hupata kimya kitupu.

Njia rahisi ya kutambua faili ya aina hii ni kujaribu kuchagua neno moja kwa kipanya. Kama ukurasa mzima unachaguliwa kama kipande kimoja, au hakuna kinachochaguliwa, ni picha. Penye programu za Poppler, amri ifuatayo huorodhesha fonti zilizomo katika faili:

```
pdffonts kumbukumbu.pdf
```

Orodha ikiwa tupu, hakuna maandishi ndani yake.

## Jinsi OCR inavyofanya kazi

Kwanza programu husafisha picha: hunyoosha ukurasa uliolala upande na kutenganisha wino na karatasi, kila pikseli iwe ama nyeusi ama nyeupe. Kisha hutafuta safu, mistari na maneno. Hatua hii hukosea mara nyingi kwenye magazeti, kwa sababu mstari wa safu ya kwanza unaweza kuunganishwa na wa safu ya pili, na habari mbili zikawa moja.

Halafu huja usomaji wenyewe. Programu za zamani zilikata herufi mojamoja na kuzilinganisha na maumbo zilizokuwa zinayajua. Tesseract, programu huria iliyoanzia kampuni ya Hewlett-Packard katika miaka ya 1980, hutumia tangu toleo la 4 la mwaka 2018 mtandao wa neva unaosoma mstari mzima kwa mfululizo. Mtandao huo hufunzwa kwa kila lugha, na Kiswahili kina faili yake yenye jina `swa`. Asipoitaja, mtumiaji atasomewa kwa faili ya Kiingereza, na maneno yasiyosomeka vizuri huenda yakavutwa kuelekea Kiingereza.

Mwisho, maandishi yaliyopatikana hurudishwa ndani ya PDF bila kugusa picha. Tuseme neno "ng'ombe" linaanza pikseli 600 kutoka kushoto, na mstari wake umekaa pikseli 450 kutoka juu. PDF hupima kwa pointi, 72 katika kila inchi, kwa hiyo pikseli 600 ni inchi 2, sawa na pointi 144. Pikseli 450 ni pointi 108, lakini PDF huhesabu kutoka chini. Kwa kuwa A4 ina urefu wa pointi 842 hivi, jibu ni 734. Ndani ya faili huandikwa takriban hivi:

```
BT
3 Tr
/F1 12 Tf
144 734 Td
(ng'ombe) Tj
ET
```

Siri iko katika `3 Tr`: ni agizo la kuweka maandishi bila kuyachora. Neno lipo juu ya picha yake, halionekani, lakini linachagulika na kutafutika.

Programu ya OCRmyPDF hufanya hatua zote hizi pamoja kwa kutumia Tesseract:

```
ocrmypdf -l swa --deskew kumbukumbu.pdf kumbukumbu-ocr.pdf
```

Kama kurasa tayari zina maandishi, husimama na kutoa onyo badala ya kuyarudia.

## Makosa yasiyoonekana

Kwa kuwa msomaji huendelea kuona picha ya asili, makosa ya tabaka lililofichwa hayaonekani kwenye skrini. Chukua mfano wa kumbukumbu za chama cha wafugaji zilizopigwa kwa taipureta. Mtafiti anatafuta "ng'ombe" na kupata mara 3 tu, ingawa neno limejaa kila ukurasa. Huenda OCR imeweka alama ya kufungia nukuu (’) badala ya ritifaa iliyonyooka ya kibodi ('). Kwa jicho ni kitu kilekile. Kwa kompyuta moja ni namba 8217 na nyingine ni 39. Baadhi ya programu huzihesabu kuwa sawa, nyingine hazifanyi hivyo. Ni salama zaidi kutafuta "ombe" peke yake, hata kama "maombezi" nayo yatajitokeza.

Ili kuona kilichosomwa kweli, aya hunakiliwa na kubandikwa kwenye faili tupu ya maandishi. Kiswahili chenyewe husaidia kubaini makosa. Herufi r na n hazifuatani mwanzoni mwa maneno yake, hivyo "rnkutano" ni m iliyosomwa vibaya. Neno linaloishia kwa konsonanti nalo linastahili kutazamwa, isipokuwa ni jina la mtu au neno la kigeni. Makosa yakiwa mengi, mara nyingi dawa ni kuskani upya kwa nukta 300 kwa inchi, karatasi ikiwa imenyooka, kuliko kusahihisha neno kwa neno.

Tarakimu ni ngumu zaidi. Neno lililoharibika hujulikana kwa kuwa halina maana, lakini 3 ikisomwa 8 katika jedwali la mapato bado ni namba halali, na hakuna kamusi itakayoikataa. Jedwali hulinganishwa na picha safu kwa safu, au jumla zake hukokotolewa upya.

Hati zilizoandikwa kwa mkono, zikiwemo za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, hazisomeki kwa faili ya `swa`, ambayo ilifunzwa kwa maandishi ya chapa ya Kilatini. Zinahitaji programu zilizofunzwa kwa mwandiko.