Kubadili nguo kwenye picha: namna ya kutunza ya asili, maski, agizo na tokeo

Familia inaweza kufika kwa fundi wa picha, Kasongo ao Kabambare, na foto moja tu ya marehemu baba yao. Kwenye ile foto baba amevaa shati la kazi lililochanika begani. Wanaomba avalishwe koti na tai, picha iwekwe sebuleni. Leo programu za akili bandia zinafanya kazi hiyo kwa dakika chache. Shida inakuja baadaye: shangazi anasema sura siyo ile, ao watoto wanataka lile shati lirudi, kwa sababu ndilo walilomzoea. Kama fundi alihifadhi kazi yake juu ya picha ya kwanza, hakuna tena cha kurudisha.

Hapo kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Programu ya kubadili nguo haifichi shati la zamani chini ya koti jipya. Sehemu ya shati inafutwa kabisa na kuchorwa upya. Ndani ya picha iliyotoka hamna shati tena, na hakuna programu inayoweza kulivuta kutoka humo. Kwa hiyo kurudi nyuma maana yake ni moja tu: kuwa bado na ile picha ya asili, na kujua ni tokeo gani lilitoka kwake na kwa njia gani. Majina ya faili ndiyo yanayofanya kazi hiyo.

Vitu vinne vya kila kazi

Cha kwanza ni picha ya asili, kama ilivyotoka kwenye simu ao kamera. Kama mteja ameleta foto ya karatasi, asili ni ile picha ya kwanza iliyopigwa juu ya karatasi hiyo. Karatasi yenyewe inarudi kwa mwenyewe.

Cha pili ni maski. Ni picha ya rangi mbili tu, nyeupe na nyeusi, inayoiambia programu ibadili wapi na iache wapi. Katika programu nyingi kama Stable Diffusion, nyeupe ni mahali pa kubadili, nyeusi ni mahali pa kuacha. Programu zingine zinafanya kinyume, ao zinataka mahali pa kubadili pawe wazi bila rangi yoyote. Ndiyo sababu ni vizuri kuandika maski ilitumika na programu gani.

Cha tatu ni agizo: maneno ambayo fundi aliandika kuomba nguo, pamoja na namba alizoweka kwenye programu. Cha ine, yaani cha nne, ni tokeo, picha iliyotoka.

Jina linalotaja wazazi wake

Makosa ya kawaida ni kuita faili "baba mpya", kisha "baba mpya 2", kisha "baba mpya mwisho", kisha "mwisho kabisa". Baada ya mwezi hakuna anayejua ni maski gani ilitoa ipi. Namna rahisi ni kuipa kila kazi namba, na kuandika jina la tokeo kwa kuunganisha maski na agizo lililolizaa. Kwa kazi namba 14, dosie moja inakuwa hivi:

```
K014_asili.jpg
K014_kazi.png
K014_m1.png
K014_a1.txt
K014_m1_a1_t1.png
```

Jina la mwisho linajisoma lenyewe: ni tokeo la kwanza, lililotoka kwa maski ya kwanza na agizo la kwanza. Fundi akibofya tena bila kubadili kitu, linakuja `K014_m1_a1_t2.png`. Akirekebisha maski, anaanza `m2`. Akibadili maneno ao namba moja tu, anaanza `a2`. Namba iliyokwisha kutumika hairudiwi, hata kama faili yake ilikuwa mbaya.

Hakuna nafasi tupu wala herufi zenye alama kama "é" katika majina hayo, kwa sababu simu na programu zingine zinayavuruga. Jina la mteja pia halimo. Linaandikwa kwenye daftari la duka, mbele ya namba 14, pamoja na tarehe, nani ameleta picha na nini aliomba. Fleshi ikipotea njiani kati ya Kasongo na Kabambare, atakayeiokota hatajua picha ni ya nani kwa kusoma majina tu.

Picha ya kazi, na kwa nini iko

Picha ya asili haifunguliwi ndani ya programu ya kubadili. Inanakiliwa kwanza, na nakala ndiyo `kazi`. Kwenye kompyuta ya Windows, fundi anaweza kuifunga asili isiandikwe juu yake, na kuchukua alama yake ya vidole:

```
attrib +R K014_asili.jpg
certutil -hashfile K014_asili.jpg SHA256
```

Amri ya pili inatoa mstari mrefu wa herufi na namba. Mstari huo unanakiliwa kwenye dosie. Siku yoyote amri ikirudiwa na mstari ukatoka uleule, faili haijaguswa. Ikibadilika hata nukta moja ya picha, mstari wote unakuwa mwingine.

Picha ya simu inaweza kuwa na nukta 3000 kwa upana na 4000 kwa urefu, na programu inaomba picha ndogo. Basi fundi anakata kipande na kukipunguza. Kipande hicho lazima kiandikwe kilikatwa wapi, la sivyo tokeo halitaweza kurudishwa mahali pake kwenye picha kubwa. Na `kazi` inahifadhiwa kama PNG, kwa sababu JPG inapoteza kidogo kila inapohifadhiwa upya. Maski nayo ni PNG: ikihifadhiwa kama JPG, ukingo wake unaingia rangi ya kijivu, na programu inagusa mahali ambapo haikutumwa.

Mfano wa kazi namba 14

Faili ya agizo ya yule baba ingekuwa hivi:

```
chanzo: K014_kazi.png (768x1024)
kata: x=400 y=600 upana=2250 urefu=3000
maski: K014_m1.png, nyeupe = badili
agizo: black suit, white shirt, plain blue tie
Seed: 48213
Steps: 30
Denoising strength: 0.75
```

Pamoja na hayo linaandikwa jina la programu na la modeli. `Seed` ni namba ya kuanzia bahati nasibu ya programu. Ikirudishwa pamoja na mengine yote, tokeo linalofanana sana linaweza kutoka tena. `Denoising strength` ni nguvu ya kubadili: karibu na 0 programu haigusi sana, karibu na 1 inachora upya bila kujali kilichokuwapo.

Tokeo la kwanza linatoka: koti zuri, lakini kuna kitu usoni. Kwa macho tu ni vigumu kusema. Hapo fundi anafungua `kazi` na tokeo katika GIMP, moja juu ya nyingine, na kuweka hali ya tabaka la juu kuwa `Différence`. Mahali picha mbili zinalingana panakuwa peusi kabisa. Mahali zinapotofautiana panawaka. Koti linawaka, na ndivyo inavyotakiwa. Lakini ndevu pia zinawaka: maski ilipanda mpaka kidevuni, na programu ikachora ndevu za mtu mwingine. Ndiyo sababu shangazi asingemtambua ndugu yake.

Dawa ni `m2`, yenye ukingo ulioshuka chini ya kidevu, pamoja na faili mpya `a2` inayoitaja maski hiyo. Fundi anaanza tena kutoka `kazi`, siyo kutoka tokeo lenye ndevu mbaya. Akijenga tokeo juu ya tokeo, kila mzunguko unaongeza makosa yake, na mwishoni uso wote umehama kidogokidogo. Kama analazimika kufanya hivyo, mstari wa `chanzo` unataja jina la tokeo alilotumia, ili mnyororo usikatike.

`Différence` inaonyesha kitu kingine pia. Kama picha nzima inawaka kidogo, hata ukutani, basi programu imechora upya kila kitu na siyo ndani ya maski peke yake. Huduma nyingi za simu zinafanya hivyo. Hapo fundi analaza tokeo juu ya `kazi` na kutumia maski ileile kulikata, ili nje ya koti zibaki nukta za asili. Na kama maski na picha hazilingani, tatizo mara nyingi ni simu: imehifadhi picha imelala, 4000 kwa 3000, na kuongeza alama ya kuigeuza ambayo programu zingine hazisomi.

Njia hiyohiyo inarudisha sehemu tu. Watoto wakikubali koti lakini wakitaka beji ya baba ionekane, fundi haombi programu ichore beji. Anatoboa tokeo mahali pa beji, na ya kweli inaonekana kutoka chini. Anaihifadhi kama `K014_m2_a2_t1_beji.png`.

WhatsApp na huduma za mtandaoni

Programu zingine, kama Stable Diffusion WebUI, zinaandika agizo na `Seed` ndani ya PNG yenyewe. Ni msaada, lakini picha ikitumwa kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, inapunguzwa, inapata jina kama `IMG-20250314-WA0007.jpg`, na maandishi yale ya ndani yanapotea. Picha ya asili kutoka kwa mteja aliye mbali iombwe kama dokima, siyo kama foto.

Huduma za mtandaoni mara nyingi hazionyeshi `Seed`, na wenye huduma wanaweza kubadili modeli bila kutoa habari. Agizo lilelile likirudiwa mwezi ujao litatoa koti lingine. Hapo fundi anaandika jina la huduma, tarehe, saa na maneno, na kutunza tokeo lenyewe. Kumbukumbu itaonyesha picha ilitoka wapi, lakini haiwezi kuizaa tena.

Nini kifutwe, nini kibaki

Mteja akikubali picha, matokeo mabaya yanaweza kufutwa ili kuokoa nafasi. Vinabaki asili, `kazi`, tokeo lililotolewa, na maski na agizo lake. Dosie hiyo inanakiliwa kwenye fleshi ao kadi inayolala nyumba nyingine, siyo kwenye droo ya kompyuta ileile. Mteja apewe asili pamoja na tokeo.

Mambo mawili hayaingii katika dosie kabisa: kumvua mtu nguo, na kumvalisha raia mavazi ya jeshi, polisi ao kundi la silaha. Picha kama hiyo ikitembea kwenye simu, mtu anaweza kukamatwa ao kushambuliwa kabla ya yeyote kuuliza asili iko wapi. Na kama mtu amekwisha kufanyiwa hivyo na picha yake ya zamani, asili isiyoguswa, yenye mstari wake wa SHA256 ulioandikwa mapema, ndiyo ya kuweka kando ya ile ya uongo, watu waone ni wapi nguo ilibadilishwa.