Limau la Plastiki

Kesi ninayoipenda sana kwenye sheria ya alama za biashara ni ya limau. Tangu 1956, Waingereza walikuwa wakinunua maji ya limau ya Jif kwenye kichupa cha plastiki chenye umbo na rangi ya limau. Mnamo 1985 Borden, kampuni ya Marekani, ikaleta limau lake la plastiki, lebo tofauti.

Wenye Jif hawangeweza kutegemea usajili wa umbo. Mwaka 1986 mahakama ya juu ya Uingereza ilikataa kusajili hata chupa ya Coca-Cola. Basi wakashtaki kwamba Borden inauza mali yake kana kwamba ni yao. Hapo unathibitisha mambo matatu: una jina sokoni, mwenzako anapotosha wateja, na unaumia.

Borden ikajitetea: si lebo iko? Lakini ushahidi ulionyesha wateja hawasomi lebo. Wanaona limau, wanachukua. Jif ikashinda 1990. Borden bado ingeuza maji ya limau, bora ijitofautishe vya kutosha. Mpaka leo majaji wa Kenya hutumia vipimo hivyo vitatu, na mteja wanayemfikiria ni yule wa kawaida.