Kubutua Barafuni: Kuotea na Aisingi kama Sheria Moja

Anayeangalia hoki ya barafuni kwa mara ya kwanza huelezwa kwamba filimbi zinazokatiza mchezo kila mara zina sababu mbili zisizohusiana. Moja ni kuotea, yaani mshambuliaji ametangulia kuingia eneo la wapinzani kabla ya kisahani. Nyingine ni aisingi, yaani mchezaji amebutua kisahani kutoka nusu yake ya uwanja hadi kikavuka mstari wa goli wa upande wa pili bila kuguswa na mtu. Maelezo hayo ni sahihi, ila yanaficha uhusiano uliopo. Ninachodai hapa ni kwamba sheria hizi mbili zinafanya kazi moja, na kila moja ingekuwa bure bila mwenzake. Aidha, hakuna hata moja kati yake inayomkataza mchezaji kubutua. Zinachofanya ni kuhakikisha kwamba anayebutua hafaidiki.

Kishawishi cha kubutua ni kikubwa. Kisahani ni kipande cha mpira mgumu chenye uzito wa gramu 170 hivi, na barafu haikipunguzii mwendo kama nyasi zinavyoupunguzia mpira wa miguu. Uwanja wa ligi ya NHL ya Marekani ya Kaskazini una urefu wa mita 61, na kutoka mstari wa goli moja hadi wa goli jingine ni kama mita 54. Beki mwenye mkono mzito hukipitisha kisahani umbali huo kwa sekunde chache tu. Aliyebanwa langoni kwake ana dawa ya papo hapo ya kuondoa hatari, nayo haihitaji ufundi wowote.

Mistari mitatu inaukata uwanja huo kwa upana. Ya buluu ni miwili, kila mmoja ukiwa mita 19.5 kutoka mstari wa goli ulio upande wake, na inatenga eneo la ulinzi, eneo la kati na eneo la mashambulizi. Katikati kabisa upo mstari mwekundu. Ya buluu ndiyo inayopima kuotea. Mwekundu ndio unaopima aisingi.

Msomaji aliyezoea soka aweke kando kuotea anakokujua. Kule mstari unahama na beki wa mwisho. Huku umechorwa, hauondoki, na kinachotakiwa ni kwamba kisahani kitangulie kuvuka mstari wa buluu kabla ya mshambuliaji yeyote. Kinachotazamwa ni viatu vya barafu. Gongo likitangulia si kosa. Mchezaji ambaye miguu yake yote miwili imeshavuka mstari huku kisahani kikiwa bado nyuma ameotea, isipokuwa awe yeye mwenyewe ndiye anayekimiliki, kama anapoingia kinyumenyume akikivuta. Kisahani kikiingia wakati mwenzao ameshatangulia, nao hawajakigusa, mwamuzi wa mstari huinua mkono na kusubiri. Washambuliaji wote wakirudi hadi mstari wa buluu, anaushusha na mchezo unaendelea. Wakikigusa kabla ya kurudi, filimbi inalia.

Historia inaonyesha vizuri zaidi kuliko kitabu cha sheria kwa nini mstari huu ulihitajika. Msimu wa 1928–29 ulikuwa wa ukame. George Hainsworth, kipa wa Montreal Canadiens, alimaliza mechi 22 kati ya 44 bila kufungwa hata bao moja. Ligi ikaamua kufungua mchezo kwa kuruhusu pasi za mbele ndani ya maeneo yote matatu. Mabao yakafurika, lakini kwa njia ambayo wengi hawakuitarajia: washambuliaji walikwenda kujibanza mbele ya kipa, wakasubiri kisahani kiletwe. Kufika Desemba 1929, msimu ukiwa haujafika hata nusu, ligi ilikuwa imeshaamuru kwamba hakuna mshambuliaji atakayetangulia kisahani kuvuka mstari wa buluu. Kujibanza golini kukaisha.

Kuanzia hapo, mtu aliyebutua kutoka mbali hakuwa na mwenzake wa kumpokelea. Ungedhani ubutuaji ungekufa. Haukufa, kwa sababu kuna kubutua kwa aina mbili: kwa kushambulia, ambako kunahitaji mpokeaji, na kwa kujihami, ambako hakumhitaji mtu yeyote. Timu inayoongoza haitafuti bao. Inachotafuta ni muda upite na wapinzani wachoke kufuata kisahani hadi mwisho wa uwanja na kurudi nacho.

Novemba 1931, New York Americans walikwenda Boston kucheza na Bruins. Walishinda 3–2, na katika mechi hiyo walibutua kisahani hadi mwisho wa uwanja mara 61. Charles Adams, mmiliki wa Bruins, alighadhibika, na timu hizo ziliporudiana New York, vijana wake walilipa kisasi kwa kubutua mara 87. Matokeo yakawa 0–0. Mara 87 ni zaidi ya mara moja kwa kila dakika ya mchezo, na watu walikuwa wamelipa kiingilio. Hata hivyo ligi haikuharakisha: aisingi iliingia katika sheria za NHL mwaka 1937 tu. Ninaiona miaka hiyo minane, 1929 hadi 1937, kama jaribio ambalo hakuna aliyelipanga. Lilionyesha kwamba kuotea peke yake kunamwondoa mpokeaji lakini kunauacha umbali mtupu ukiwa mali ya bure ya anayejihami.

Tugeuze upande. Tuwe na aisingi bila kuotea. Aisingi hufutwa iwapo mchezaji wa timu iliyobutua ndiye atakayekiwahi kisahani. Pasipo kuotea, kila timu ingemweka mtu mmoja karibu na goli la wapinzani. Angekiwahi kisahani karibu kila mara, na aisingi isingeitwa kamwe. Kuotea ndiko kunakomlazimisha mkimbiaji huyo aanzie nyuma ya mstari wa buluu, na ndiyo maana mbio zake dhidi ya beki zinakuwa mbio za haki. Tangu 2013 NHL huamua mbio hizo mapema: mwamuzi hutazama nani anatangulia kufika usawa wa vidoa vyekundu vilivyo mbele kidogo ya mstari wa goli. Beki akiwa mbele, filimbi inapigwa papo hapo. Kabla ya hapo ilibidi mtu akiguse kisahani, na wachezaji walikuwa wakivamia ukuta kwa kasi yote. Mwaka 2008 Kurtis Foster wa Minnesota Wild alivunjika mfupa wa paja katika mbio za namna hiyo.

Adhabu ya aisingi, kwa muda mrefu, ilikuwa nyepesi. Kisahani kilirudishwa kudondoshwa kati ya wachezaji wawili katika eneo la ulinzi la timu iliyobutua, basi. Timu iliyochoka iliona hiyo ni nafuu: filimbi imepatikana, wachezaji wapya wanaingia kutoka benchi. Sheria iliyokusudiwa kuzuia mapumziko ikawa inayagawa. Mwaka 2005 NHL iliziba mwanya huo kwa sentensi moja: timu iliyofanya aisingi haitabadilisha wachezaji kabla ya kisahani kudondoshwa. Katika mabadiliko yote ya karne nzima, naliona hili kuwa ndilo lililoipa sheria meno, kwa sababu mchezaji wa hoki hukaa barafuni chini ya dakika moja, mara nyingi sekunde 45 hivi, kisha miguu inakataa.

Chukua hali hii. Timu inaongoza 3–2, zimebaki sekunde 80. Wapinzani wamemtoa kipa wao ili wapate mshambuliaji wa sita, kwa hiyo goli lao liko wazi. Beki wa timu inayoongoza amekipata kisahani kando ya goli lake, na yeye na wenzake wana sekunde 50 barafuni bila kubadilishwa. Anaweza kulenga goli tupu lililo zaidi ya mita 50 mbele yake, lenye upana wa mita 1.83. Akifunga, mechi imekwisha. Akikosa kwa hata kiganja kimoja, kisahani kinavuka mstari na hakuna kipa wa kukigusa na hivyo kuifuta aisingi. Hapo wale wale watano, wakihema, wanarudi mbele ya kipa wao. Wapinzani wanaingiza sita wenye nguvu. Kisahani kinadondoshwa mita 6 kutoka mstari wa goli. Tangu 2017 timu iliyokosa hairuhusiwi hata kuomba dakika ya mapumziko. Watu waliochoka hivyo wakikipata tena kisahani, mara nyingi hubutua tena, na hali inajirudia, mbaya zaidi.

Makocha hufundisha njia nyingine. Beki akirushe kisahani juu, juu ya vichwa, kwa nguvu ndogo ili kitue eneo la kati na kupoteza mwendo kabla ya kufika mstari wa mbali. Au ampe mwenzake pasi fupi, huyo akifikishe mstari mwekundu ndipo akibutue. Akishaufikia mstari huo aisingi haipo tena, na kukitupa kisahani ndani ya eneo la wapinzani kisha kukikimbilia ni mbinu halali inayotumika kila usiku. Wanaolalamika kwamba sheria imeshindwa kwa sababu ubutuaji huo unaendelea hawajaona kilichobadilika: aliyebutua kutoka mstari mwekundu amelazimika kwanza kutoka nusu yake akiwa na kisahani gongoni, mbele ya wapinzani wanaokitaka.

Kuna mahali ambapo hoja yangu inaweza kupimwa bila kurudi 1931. Timu iliyopungukiwa mchezaji kwa sababu ya adhabu inaruhusiwa kubutua bila aisingi kuitwa. Angalia dakika mbili za adhabu hiyo katika mechi yoyote: beki akishakipata kisahani hainui kichwa kutafuta mwenzake, anakibutua mara moja, na wapinzani wanarudi mita 50 kukifuata. Ndivyo wachezaji wale wale, wenye ujuzi ule ule, wanavyocheza siku sheria inapowaondokea.

Wanaoitetea ruhusa hiyo husema timu yenye wanne dhidi ya watano ingezidiwa kabisa. Sikubaliani nao. Timu hiyo imepungukiwa kwa sababu mchezaji wake amefanya kosa, na sheria inamwadhibu kwa mkono mmoja huku ikimpunguzia adhabu kwa mkono wa pili. Ligi ya WHA, iliyoshindana na NHL kati ya 1972 na 1979, haikuitoa ruhusa hiyo, na mechi zilichezwa. Mwaka 2017 chama cha hoki cha Marekani, USA Hockey, kiliiondoa kwa vijana wa miaka 14 na chini, kwa hoja kwamba mtoto anayeruhusiwa kubutua hatajifunza kutoka na kisahani akiwa amebanwa. NHL bado imeishikilia.