Barua ya makaribisho (hoteli za ufukweni)

Barua ya makaribisho huachwa chumbani katika hoteli za ufukweni, kama za Watamu na Diani, kumweleza mgeni huduma na masharti ya nyumba. Kwa mgeni wa bara, tuseme wa Kianyaga, aya yenye manufaa zaidi ni ya bahari. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa husogea mbele kwa takriban dakika 50. Ndiyo maana barua nzuri haichapishi saa, bali humwelekeza mgeni kwenye ubao wa mapokezi. Aliyetembea hadi mwambani arudi maji yanapoanza kujaa, kwani mabonde yaliyo nyuma yake huweza kujaa kabla ya mwamba wenyewe. Ndani ya hifadhi ya bahari ya Watamu, iliyoanzishwa 1968, kuokota makombe ni marufuku.