Shaba 63 iko, shaba 65 iko: 64 ilienda wapi?

Mu komine ya Kenya, hapa Lubumbashi, mutoto mumoja wa sekondari aliniuliza swali ambalo sikuweza kujibu siku ile ile. Alikuwa na karatasi ya elementi kutoka masomo. Pale kwa shaba waliandika uzito 63.5. Mwalimu aliwaeleza kwamba ile nusu inatoka kwa mchanganyiko: kwa kila atomu 100 za shaba, 69 hivi ni shaba 63 na 31 ni shaba 65. Mutoto akasema: «Sasa, 64 ilienda wapi? Iko katikati, ingepaswa kuwa ya kwanza.»

Ni swali zuri sana, na jibu lake linaeleza kitu kikubwa kuhusu vitu vyote vya dunia, si shaba peke yake. Inafaa tu kuhesabu vizuri mambo mawili matatu.

Katikati ya kila atomu kuna kiini, na ndani ya kiini kuna protoni na nyutroni. Protoni ndizo zinatoa jina. Ukiwa nazo 28, ni nikeli. 29, ni shaba. 30, ni zinki. Nyutroni zinaweza kuongezeka ao kupunguka bila jina kubadilika, ndiyo maana shaba iko na ndugu wengi. Shaba 63 iko na protoni 29 na nyutroni 34. Shaba 65 iko na protoni 29 na nyutroni 36. Ile ya katikati, shaba 64, iko na protoni 29 na nyutroni 35.

Tazama zile namba mbili za mwisho: 29 na 35. Hakuna hata moja inayogawanyika kwa mbili. Sawa vile mutu wa kuuza viatu anayebaki na kiatu kimoja cha mwanaume na kimoja cha mwanamuke: ni viatu viwili, lakini haviwezi kuuzwa kama jozi.

Protoni zinapenda kukaa mbili mbili, na nyutroni vilevile. Juu ya nini? Kila moja inazunguka juu yake kama pia. Mbili za aina moja zinaweza kukaa mu njia moja ndani ya kiini kama moja inazunguka upande huu na ingine upande ule. Zikikaa hivyo, zinakuwa karibu sana muda mwingi, na nguvu ya kiini ni ya kuvuta vitu vilivyo karibu. Kwa hiyo jozi inashikana zaidi kuliko mbili zilizotengana. Protoni na nyutroni nazo zinavutana, lakini mu viini vizito kama shaba kwa kawaida hazikai mu njia moja, kwa hiyo protoni moja ya peke yake na nyutroni moja ya peke yake hazipati faida ile ile.

Mu mwaka wa 1935, Mjerumani Carl Friedrich von Weizsäcker aliandika hesabu ya kukadiria uzito wa kiini chochote. Ndani yake kuna vipengele vitano, na cha tano ni kile cha jozi. Kinasema hivi: kama protoni ni shufwa, maana yake zinagawanyika kwa mbili, na nyutroni pia ni shufwa, kiini kinapata zawadi ya kushikana zaidi. Kama zote mbili ni witiri, maana yake kila upande unabaki na moja ya peke yake, kiini kinalipa faini ya kiasi kile kile. Kama upande mumoja ni shufwa na mwingine witiri, hakuna zawadi, hakuna faini. Kiasi chenyewe kinakadiriwa hivi, A ikiwa jumla ya protoni na nyutroni:

δ = 12/√A MeV

MeV ni kipimo cha nishati ndani ya kiini. Ile 12 ni wastani. Vitabu vingine vinatia 11 na kitu, na kwa viini vidogo sana hesabu hii haishiki vizuri. Lakini kwa 64 inakuja kirahisi: mzizi wa 64 ni 8, na 12 gawanya kwa 8 ni 1.5. Shaba 64 inalipa faini ya 1.5. Majirani wake wenye jumla ileile ya 64 ni nikeli 64 (protoni 28, nyutroni 36) na zinki 64 (protoni 30, nyutroni 34). Hao wote wawili ni shufwa kwa shufwa, kila mumoja anapata zawadi ya 1.5. Tofauti kati ya shaba na majirani ni 3 MeV, na yote inatoka kwa jozi tu.

Sasa tulinganishe na vile wataalamu walivyopima. Shaba 64 iko juu ya nikeli 64 kwa 1.67 MeV, na iko juu ya zinki 64 kwa 0.58. Kitu kilicho juu kinateremka kama njia iko wazi, na hapa iko wazi pande zote mbili. Nyutroni moja ikigeuka protoni na kutupa elektroni, shaba inakuwa zinki. Protoni moja ikigeuka nyutroni, shaba inakuwa nikeli. Kwa kila atomu 100 za shaba 64, karibu 38 zinaenda zinki na 62 zinaenda nikeli. Nusu yote inaisha mu masaa 12.7 tu. Ukiifunga leo asubuhi, kesho kutwa asubuhi utakuta sehemu ndogo sana imebaki. Ndiyo jibu la mutoto: 64 haikupotea njiani, iliteremka kwa majirani zamani sana, mbele mugodi wowote haujakuwako.

Lakini mimi napenda zaidi hesabu ya kinyume. Tuondoe jozi, tujifanye kwamba haziko. Shaba 64 inarudishiwa faini yake, inashuka 1.5. Nikeli na zinki zinanyanganywa zawadi, zinapanda 1.5. Tofauti inageuka kwa 3 nzima. Shaba, iliyokuwa juu ya nikeli kwa 1.67, sasa iko chini yake kwa 1.33. Kwa zinki, iko chini kwa 2.42. Hapo shaba 64 ndiyo ingekuwa chini kabisa, imetulia, na majirani ndio wangeteremka kuwa shaba. Zinki 64 ni karibu nusu ya zinki yote ya dunia, hata ile ya Kipushi. Bila jozi, nusu hiyo ingekuwa imegeuka shaba. Hiyo 3 MeV ni kiasi kidogo ukilinganisha na 559 hivi inayoshikilia kiini chote, lakini ndiyo inayoamua nani anabaki.

Kuna jambo moja hapo linaloweza kusumbua. Zinki 64 yenyewe iko juu ya nikeli 64 kwa 1.09. Mbona haiteremki? Juu kati yao kuna shaba, na shaba ni mlima. Ili zinki ifike nikeli inabidi protoni mbili zigeuke kwa mara moja, bila kusimama kwa shaba. Hesabu inaruhusu, lakini ni jambo la nadra kiasi kwamba hakuna mutu aliyewahi kuliona kwa zinki 64. Kwa hiyo wote wawili wanabaki, zinki na nikeli, na aliye katikati ndiye anayekosa.

Sasa angalia jumla ambazo ni witiri, kama 63 na 65. Pale hakuna zawadi wala faini, wote wako mu ngazi moja inayoteremka kama bonde, na kwa kawaida mumoja tu anakaa chini. Kwa 63 aliye chini ni shaba. Nikeli 63 inateremka polepole kwa miaka 100 hivi, na zinki 63 kwa dakika 38. Kwa 65 aliye chini ni shaba tena. Ndiyo maana shaba iko na ndugu wawili tu waliotulia. Nikeli na zinki, zenye protoni shufwa, kila moja iko na watano.

Ukifanya hivi kwa elementi zote, picha inakuwa wazi. Viini ambavyo havijawahi kuonekana vikioza ni karibu 250. Kati yao 145 hivi ni shufwa kwa shufwa. Karibu 100 ni mchanganyiko, upande mumoja shufwa na mwingine witiri. Witiri kwa witiri ni vinne tu: hidrojeni 2, lithi 6, boroni 10 na nitrojeni 14.

Vile vinne viliponaje? Vyote ni vidogo, na protoni zao ni sawa kabisa na nyutroni: moja kwa moja, tatu kwa tatu, tano kwa tano, saba kwa saba. Mu kiini kidogo, kuvunja usawa huo kunagharimu zaidi kuliko ile zawadi ya jozi. Kaboni 14 ni shufwa kwa shufwa, protoni 6 na nyutroni 8, na hata hivyo ndiyo inayoteremka kuwa nitrojeni 14. Karibu nitrojeni yote unayopumua ni ya aina hiyo.

Na kwa wasomaji wa Kivu, kuna wa tano ambaye watu wanabishana kama ahesabiwe. Mu koltani yenu kuna tantali, na kwa kila atomu 10,000 za tantali, moja hivi ni tantali 180: protoni 73, nyutroni 107, witiri kwa witiri. Kwa kawaida nusu yake ingepaswa kuisha mu masaa 8. Lakini ile inayopatikana mu mawe imesimama mu hali ya juu, inazunguka sana kiasi kwamba njia za kuteremka zimefungwa karibu kabisa. Hakuna aliyewahi kuona hata moja ikioza.

Inabaki kobalti, maana hapo ndipo watu wetu wanaogopa. Wengi wamesikia kwamba kobalti ni ya kuunguza watu wenye kansere mu hospitali, kisha wanajiuliza kama muzigo uliolala mu kiwanja unawaunguza. Ya hospitali ni kobalti 60: protoni 27, nyutroni 33, zote witiri. Inateremka kuwa nikeli 60, nusu yake inaisha mu miaka 5.27, na inatengenezwa mu reakta kwa kuongeza nyutroni moja juu ya kobalti ya kawaida. Mu udongo wa dunia hii, ambayo ina miaka zaidi ya bilioni 4, haiwezi kuwa imebaki. Ya kuchimba ni kobalti 59, protoni 27 na nyutroni 32, na hiyo imetulia.

Basi mutu akileta mashine ya kupima munururisho karibu na gunia la kobalti na mashine ikaanza kulia sana, asiseme ni kobalti. Mu mawe ya Katanga mara kwa mara kunaingia urani, na inayolia ni hiyo pamoja na watoto wake kama radi. Mashine ndogo ya kulia tu haiwezi kutenganisha hivyo viwili. Inahitajika ile inayopima nguvu ya kila mwali. Kobalti 60 inatoa miali miwili inayojulikana, 1.17 na 1.33 MeV. Kama hiyo miwili haionekani, kobalti 60 haimo, na swali la kuuliza ni lile jiwe limetoka shimo gani, na lina urani kiasi gani.